Mizani ya Wachoraji

Mwaka 1708 kilitoka Paris kitabu cha Roger de Piles juu ya misingi ya sanaa ya picha, na mwishoni mwake iliwekwa orodha fupi ambayo imedumu katika kumbukumbu za watu kuliko kurasa zilizoitangulia. De Piles aliiita Mizani ya Wachoraji. Humo aliyapanga kwa alfabeti majina ya wachoraji zaidi ya 50, na mbele ya kila jina akaweka safu nne: mtungo, mchoro, rangi na hisia. Katika kila safu akatia alama, kama mwalimu atiavyo alama katika madaftari ya wanafunzi wake. Tofauti ni kwamba wanafunzi hawa walikuwa Rafaeli, Michelangelo, Tiziano, Rubens na wenzao, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa mavumbi.

Kipimo chake kilikuwa cha daraja 20. Daraja ya 20 ilikuwa ya ukamilifu ambao binadamu haujui. Ya 19 ilikuwa ya ukamilifu unaojulikana, ila hajapata mtu kuufikia. Basi hodari kuliko wote hakuweza kupita 18. Rafaeli alipata 17 katika mtungo, 18 katika mchoro, 12 katika rangi na 18 katika hisia. Rubens alipata 18, 13, 17 na 17. Caravaggio aliambulia 6, 6, 16, na katika hisia sifuri.

Msomaji wa leo aionapo sifuri hiyo hushtuka, na mshtuko wake unastahili kuchunguzwa. Je, De Piles alisema kwamba Caravaggio hakujua kazi, au alisema kwamba Caravaggio hakumpendeza? Maneno hayo mawili ni mbali na mbali, walakini tarakimu moja huyachukua yote mawili bila kuonyesha limebebwa lipi. Katika ushairi wa Kiswahili neno mizani lina maana yake pia, nalo lafaa kuonyesha tofauti hii. Mtu akisema ubeti fulani una kipande chenye mizani 7 mahali palipotakiwa 8, mbishi wake huhesabu naye, na wote wawili hufika mahali pamoja. Akisema ubeti haukumgusa moyo, hapana hesabu itakayomkanusha. Katika picha vilevile, mistari ya nyumba iliyochorwa yaweza kufuatwa kwa rula ili ionekane kama inakutana panapotakiwa, na mkono waweza kulinganishwa na mkono wa mtu aliye hai. Ubishi unaokwisha kwa kutazama tena na kupima ni ubishi wa ufundi. Ubishi unaobaki baada ya pande zote mbili kukubaliana juu ya yote yaonekanayo, huo ni wa pendeleo.

De Piles hakuyaandika hayo akiwa mgeni wa ugomvi. Mwaka 1671, katika Chuo cha Kifalme cha Wachoraji na Wachongaji huko Paris, Philippe de Champaigne alitoa hotuba juu ya picha moja ya Tiziano, akawaonya vijana wasipumbazwe na uzuri wa rangi. Gabriel Blanchard alimjibu mwaka huohuo akiitetea rangi, na Januari 1672 Charles Le Brun akasimama upande wa mchoro. Kundi moja lilimfanya Poussin kuwa kigezo chake, na jingine Rubens. De Piles, katika mazungumzo aliyoyachapisha mwaka 1673, alikuwa wakili wa rangi. Hoja yake ilikuwa kwamba mchongaji naye huchora, na mchora nakshi vilevile, ila kuzitawala rangi hata zikaleta mwanga, kivuli na mwili ni kazi ya mchoraji peke yake.

Hoja hiyo imo ndani ya Mizani ingawa haisemwi. Kuipa rangi safu yake, sawasawa na mchoro, kulikuwa ni hukumu iliyotolewa kabla ya alama yoyote kuandikwa. Jumla zenyewe zaonyesha. Rafaeli ana 65, na Rubens ana 65: mtu aliyepigania heshima ya Rubens miaka zaidi ya 30 amemkuta bega kwa bega na yule ambaye Ulaya nzima ilimhesabu kuwa mkuu. Lakini iondolewe safu ya rangi, Rafaeli hubaki na 53 na Rubens na 48. Ihesabiwe rangi mara mbili, Rubens hufika 82, naye Rafaeli 77. Hakuna alama hata moja iliyobadilishwa, wala jicho lililotazama upya picha yoyote. Kilichobadilika ni uzito wa safu moja. Tiziano ana jumla ya 51 na Michelangelo 37, pengo la alama 14. Pengo hilo lote limetoka katika rangi, ambamo mmoja ana 18 na mwingine 4, kwani bila rangi kila mmoja wao ana 33. Basi yeyote asemaye kwamba kwa Mizani hii Tiziano ni bora kuliko Michelangelo, amesema tu kwamba rangi ihesabiwe. Naye De Piles, inampasa mtu kumtendea haki, hakuzijumlisha safu zake. Jumla ni kazi ya wasomaji waliokuja nyuma yake, waliotaka kujua nani wa kwanza na nani wa mwisho.

Kuchagua safu ni mlango mmoja ambao pendeleo hupenya kwao. Mlango wa pili umefichika zaidi, nao ni maana ya neno lililoandikwa juu ya safu. De Piles alieleza kwamba kwa hisia hakukusudia tabia ya kila kitu kilichochorwa, bali fikira za moyo wa mwanadamu. Alama iliyotolewa chini ya maana hiyo si ile ambayo ingetolewa chini ya maana nyingine, na mtu asiyeujua ufafanuzi huo hawezi hata kuikosoa sifuri ya Caravaggio sawasawa.

Safu ya mchoro ndiyo yenye somo kubwa kuliko zote, na jina la kuliangalia ni Rembrandt. Alama zake ni 15 katika mtungo, 6 katika mchoro, 17 katika rangi na 12 katika hisia. Sita katika mchoro! Ni alama ileile aliyopewa Caravaggio. Mtu aliyeona namna Rembrandt alivyoweza kwa mistari michache ya wino kumsimamisha mtoto anayejifunza kutembea, hawezi kuamini kwamba mkono huo ulikosa ustadi. Wala haukukosa. Katika mafundisho ya Paris mchoro mwema ulikuwa ni ule ulioyasahihisha maumbile kwa kufuata sanamu za kale za Wayunani na Warumi, kama Rafaeli alivyofanya. Rembrandt aliwachora watu wa Uholanzi kama walivyokuwa, na matumbo yao na magoti yao. Kwa hiyo 6 hiyo si kipimo cha mkono wake. Ni kipimo cha umbali uliokuwapo kati ya watu wake na sanamu za marumaru. Umbali huo waweza kuonekana, na mahakimu wawili wa shule moja wangekubaliana juu yake. Lakini kuufanya kuwa kosa ni pendeleo, nalo halikuwa pendeleo la De Piles pekee, bali la shule nzima, ndiyo maana likavaa joho la ufundi bila mtu kushtuka.

Ushahidi kwamba 6 hiyo haikuwa pendeleo lake mwenyewe umo katika kitabu hichohicho. De Piles anasimulia kwamba Rembrandt alimchora mtumishi wake wa kike, akaiweka picha dirishani, na wapita njia wakadanganyika wakidhani ni msichana mwenyewe. De Piles alipokwenda Uholanzi alitamani kuiona. Hakukuta humo mchoro mkuu wala hisia tukufu. Alikuta upakaji mzuri na nguvu nyingi. Akainunua, akaipa mahali pa heshima katika mkusanyo wake. Hapa hukumu tatu juu ya mchoraji mmoja zimetengana waziwazi: alivyoweza mkono, ilivyotaka shule, na alivyopenda mnunuzi. Katika orodha imeingia ya pili tu, chini ya jina la ya kwanza.

Si kwamba De Piles alificha. Kabla ya orodha yake alitanguliza maneno ya wazi: kwamba alijaribu jambo hili kwa kujifurahisha kuliko kwa kuwavuta wengine katika rai yake, kwamba hukumu za watu katika mambo haya hutofautiana mno hata mtu asijidhanie kuwa peke yake mwenye haki, na kwamba aomba uhuru wa kusema aonavyo kama anavyowaachia wengine uhuru wao. Hapana tangazo la pendeleo lililo bora kuliko hilo. Ila lilikaa ukurasani, na tarakimu zikaondoka. Orodha hunakiliwa kwa urahisi, na dibaji huachwa nyuma.

Tena tangazo hilo lilikuwa na upungufu wake: liliifunika orodha nzima kwa shuka moja. De Piles mpenzi wa Rubens alimpa Rubens 13 katika mchoro na Poussin 17. Alama hizo zinakwenda kinyume cha moyo wake, na kwa sababu hiyo zinaaminika kuwa zilitokana na kipimo. Hakimu anayeweza kumpa alama kubwa asiyempenda ametoa dalili njema. Kusema kwamba yote ni rai tu ni kuzipunguzia haki alama za namna hiyo, kama vile kusema yote ni ufundi kulivyo kumdhulumu Rembrandt.

Jonathan Richardson, mchoraji wa London, alisogeza jambo hili hatua moja mwaka 1719. Alishauri mtazamaji awe na kijitabu cha mfukoni chenye kurasa zilizopigwa mistari, akatoa mfano kwa picha aliyoichora Van Dyck ya bibi mmoja wa kabaila wa Exeter. Mabadiliko mawili ni ya kuangaliwa. Kwanza, kilichowekwa mizanini ni picha moja iliyo mbele ya macho, wala si maisha mazima ya mchoraji. Pili, pamoja na mistari ya mtungo, rangi na mchoro, aliweka mstari wa raha ambayo picha huleta, peke yake, ili isijipenyeze katika mingine. Mstari huo haukutaja ni raha ya nani. Hata hivyo ulikuwa na nyumba yake.

Kwa njia hiyo yaweza kuandikwa upya ile alama ya Rembrandt, na maelezo yakae juu ya safu yenyewe badala ya dibaji, ili mnakili asiweze kuchukua tarakimu akaacha kipimo. Juu ya safu ya kwanza ingeandikwa: ukaribu wa maumbo na sanamu za kale, kama ufundishwavyo Paris; chini yake 6. Juu ya safu ya pili: uthabiti wa mkono katika kukionyesha kitu alichokusudia, alama hiyo De Piles hakuitoa, na mahali pake pangebaki patupu, kwa kuwa nafasi tupu ni kweli kuliko 6 iliyoazimwa. Juu ya safu ya tatu: kinachompendeza Roger de Piles, aliyekwenda Uholanzi na kurudi na msichana wa dirishani. Na mwisho wa orodha ungeongezwa mstari mmoja useme kwamba safu hizi hazijumlishwi.