Wali na mahari: maneno mawili ya kuangalia cheti kikienda Ujerumani

Cheti cha ndoa cha kwa Kadhi kikipelekwa Ujerumani lazima kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Katika vyeti vinavyotoka Msambweni na Diani, mimi husoma kwanza sehemu mbili: wali na mahari.

Tuseme bibi harusi ana miaka 27 na wali ni babake. Kamusi itakupa neno Vormund. Lakini kwa Mjerumani, huyo ni mlezi wa kisheria wa mtoto. Karani akilisoma atashuku kuwa bibi harusi ni mdogo, na tangu sheria yao ya mwaka 2017 ndoa za watoto huchunguzwa vikali. Mimi huacha Wali palepale, kisha naweka tanbihi: „Vater der Braut, vertritt sie beim Vertragsschluss“, yaani baba wa bibi harusi, anayemwakilisha wakati wa kufunga ndoa.

Mahari nayo hugeuzwa Mitgift, na hilo ni kosa kubwa zaidi. Mitgift ni mali anayokuja nayo mke kutoka kwao, kwa hivyo mdai anageuka mdaiwa. Neno ni Brautgabe. Cheti kikisema shilingi 50,000, 20,000 taslimu na 30,000 deni, andika zote tatu kwa shilingi, bila kubadilisha kuwa yuro. Ile 30,000 iitwe „gestundet“, yaani iliyoahirishwa, wakiachana, mke huidai kwa maandishi hayohayo.

„Binti Juma“ usiitafsiri ndani ya jina. Ieleze pembeni tu.