Kapsheni za Rili za Mahindi Choma: Fupi, Tamu na Zinazonukia, Kutoka Jiko la Hagadera

Uko na jiko, uko na mahindi, simu imeshika dakika nzuri ya moshi na punje zikibadilika rangi. Umepandisha rili. Halafu chini yake unaandika "Karibuni wateja wetu wapendwa kwa mahindi matamu ya bei nafuu." Manze, hapo umejiangusha mwenyewe. Hayo maneno yanaweza kukaa chini ya viazi, chini ya mitumba, hata chini ya matairi. Hakuna mtu amesikia harufu.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanateleza. Kuna kunuka na kuna kunukia. Mahindi yakinukia, watu wanameza mate. Mahindi yakinuka, ni yale yamelala kwa gunia mpaka yakaoza. Herufi moja tu, lakini ukiandika "yananuka mpaka barabarani" umemwambia mteja apitie upande ule mwingine. Andika "yananukia". Kama unataka neno fupi zaidi, "harufu" pekee inatosha ukiipa kitu cha kushikilia: harufu ya maganda yakiungua, harufu ya ndimu ikigusa punje moto.

Jambo la pili ni nafasi. Instagram inakubali kapsheni ya hadi herufi 2,200, lakini mtu anayepitisha rili kwa kidole anaona mstari wa kwanza tu, uliobaki umefichwa mpaka aguse. Kwa hivyo utamu wote unakaa kwa maneno sita ama manane ya kwanza. Wengi pia wanaangalia video sauti ikiwa imezimwa, haswa wakiwa kazini ama wamekaa na wazee. Ule mlio wa punje zikipasuka wameukosa. Uandike: "Ta! Ta! Punje zinapasuka, ndimu iko tayari." Sasa wamesikia.

Hagadera ina mambo yake. Kambi hii ilifunguliwa mwaka wa 1992, iko Fafi kaunti ya Garissa, sehemu ya kambi za Dadaab, na soko lake linahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Wateja wengi wanaongea Kisomali kwanza, Kiswahili pili. Kapsheni ya lugha moja inaacha nusu ya watu nje. Mahindi kwa Kisomali ni "galley", na ya kuchoma ni "galley duban". Pilipili ni "basbaas", ndimu ni "liin". Mstari kama "Galley duban, liin iyo basbaas. Yametoka motoni sasa hivi" unaeleweka na msee wa boda na shosho wa Kisomali, bila kutafsiri kila kitu mara mbili. Ukirudia sentensi nzima kwa lugha zote, kapsheni inakuwa barua.

Sasa ile stori ya kusema ukweli. Hapa ni nyanda kavu, mahindi mabichi hayaoti tu nyuma ya kibanda kwa mvua ya Mungu. Lazima yaletwe, na Garissa mjini pekee ni safari ya karibu kilomita 100. Mahindi yakishavunwa, sukari iliyo ndani ya punje inaanza kugeuka wanga, na joto linaharakisha hiyo kazi. Yale yaliyofika leo asubuhi yana utamu. Yale yamekaa siku mbili juani yamekuwa magumu na yamepoa ulimi, hata kama kwa macho bado yanang'aa. Bonyeza punje kwa ukucha. Ikitoa maji meupe kama maziwa, hayo ni laini, andika "matamu" bila wasiwasi. Ukucha ukigoma, usiandike utamu. Andika kile kilichopo: "Magumu ya kutafuna na stori. Pilipili ndiyo mwenyewe." Kuna watu wanapenda hayo magumu zaidi, na watakuja wenyewe. Lakini ukimwita mtu kwa "laini kama siagi" halafu jino lake ligome, hiyo rili imekula wateja badala ya kuleta.

Ndiyo maana swali la kawaida kabisa pale jikoni, "laini ama ngumu?", ni kapsheni kali kuliko sifa nyingi. Halidanganyi, na watu wanaanza kubishana kwa komenti wenyewe.

Chukua mfano. Tuseme mama ana rili ya sekunde kumi na mbili: mkono unageuza mahindi, ndimu iliyokatwa inachovywa kwa chumvi na pilipili, inasuguliwa. Kapsheni yake ya kwanza ni hii: "Asalaam aleikum ndugu na dada, leo tena tuko na mahindi mazuri sana ya kuchoma, matamu na yenye harufu nzuri, karibuni nyote, bei ni poa, uliza inbox."

Salamu ni heshima, lakini imekula mstari wote wa kwanza. Aiseme kwa video kwa sauti yake mwenyewe, ama aiweke mwisho. "Mazuri sana" haionyeshi kitu. "Harufu nzuri" ni ya sabuni pia. "Uliza inbox" inamchosha mtu mwenye njaa, na bando ni yake. Ukitoa hayo yote unabaki na tendo moja ambalo video inaonyesha: ndimu ikisuguliwa. Basi aanze hapo.

"Ndimu, chumvi, pilipili, sugua! Yananukia mpaka stendi. Laini, bob 30, kuanzia saa kumi jioni, kando ya stendi ya magari."

Hapo tumepata kitendo, harufu yenye umbali, aina, bei, saa na mahali. Zaidi ya hapo ni kelele. Na ukiona kila sifa inaishia na "sana", ifute, angalia kama umepoteza kitu. Mara nyingi hujapoteza.

Kuna mwezi ambao hii formyula inabadilika. Ramadhani, rili ya mahindi yakifuka moshi saa saba mchana ni kuwatesa watu waliofunga. Ipandishe jioni na kapsheni iseme wazi: "Baada ya futari, jiko liko moto." Mstari huo mfupi unaonyesha unajua unaishi na nani.

Jambo lingine ni sura za watu. Hapa wengi hawataki kuonekana mtandaoni, na wana sababu zao ambazo hawana haja kukueleza. Piga mikono, moto na mahindi. Ukimnasa mteja akicheka na gunzi mdomoni, muombe ruhusa kabla ya kupandisha, na usimtaje kwa kapsheni. "Huyu amemaliza matatu" inatosha bila jina.

Kama umekwama kabisa, weka simu chini, simama hatua tano kutoka kwa jiko, ufunge macho. Kile kinakufikia kwanza ndicho kinafaa kuandikwa. Wakati mwingine ni moshi wa makaa, wakati mwingine maganda. Kwa hiyo siku moja utapata "Moshi umefika kwako? Sisi tuko kwa kona", kesho yake "Maganda yameungua, ndani ni dhahabu." Usirudie moja kila siku, watu wanaijua na wanapita tu.

Na gunia likiisha, rudi kwa ile rili, badilisha kapsheni: "Yameisha. Kesho saa kumi." Msee akitembea kutoka block ya mbali akakuta majivu tu, kesho haji.