Masaa mawili ya shoo, klipu 30: vile kompyuta husaka kicheko

Umerekodi shoo ya standapu pale Kenya National Theatre, masaa mawili mazima, na kesho watu wanataka klipu. Badala ya kuskiza yote, unaachia kompyuta isake mahali watu walicheka, wakapiga makofi ama wakapiga nduru.

Ngori ya kwanza huwa kwa maiki. Ukichukua sauti straiti kutoka kwa miksa, unapata msee wa steji akiongea peke yake, kicheko kikiskika kwa umbali kama majirani. Weka rekoda ingine ikiangalia viti. Bila hiyo, hakuna kitu ya kusaka.

Halafu toa sauti kwa video:

```
ffmpeg -i shoo.mp4 -vn -ac 1 -ar 16000 shoo.wav
```

Hiyo ndio sauti `YAMNet` hukula. Ni modeli ya bure ya Google inayojua aina 521 za sauti. Inaskiza vipande vya sekunde 0.96, ikisonga sekunde 0.48 kila mara, so masaa mawili ni kama vipande 15,000, na kila kimoja kinapewa alama. Wewe shika alama za `Laughter`, `Applause`, `Cheering` na `Shout`. Vicheko vilivyoachana chini ya sekunde tatu viunganishe, zile za kupita tu utupe, halafu panga kuanzia kirefu.

Hapa ndio wengi huchomea. Kicheko hukuonyesha joki imeishia wapi, si imeanzia wapi. Sema watu wamecheka dakika ya 41:10. Ukikata sekunde kumi nyuma, klipu inaanza na "...ndio konda akaniambia", na hakuna mtu anajua konda ni nani. Rudi mpaka kicheko cha kabla ya hapo kilipoisha, tuseme 40:22, anzia hapo, umalizie sekunde mbili baada ya watu kutulia. Hata hivyo, kama hiyo joki ilikuwa inarudia kitu alisema dakika ya 12, klipu haitasimama peke yake. Mashine haiwezi jua hiyo.

Makofi nayo hudanganya. Kila emsii akiita msanii, ukumbi unalipuka na hakuna joki imesemwa. Makofi bila kicheko mbele yake, yashushe chini ya listi.

Nduru ni ngumu zaidi, juu komediani mwenyewe hupiga kelele kwa maiki. Linganisha zile rekodi mbili: kama sauti imepanda kwa miksa na viti vimenyamaza, huyo ni yeye tu. Na kwa baa za Westlands, kelele ya meza inayoangalia mechi itaingia kama shangwe ya shoo.

Baki na klipu 30 za sekunde 40 hivi. Hiyo ni dakika 20 za kuskiza na masikio yako, na utashangaa ni ngapi zitaanguka.