Mkato, Kirai na Neno "Tu": Wajibu wa Uganda katika Mikataba ya Naili ya 1929 na 1949

Makala haya yanachunguza jinsi mahali pa mkato na pa kirai kimoja palivyoacha shaka kuhusu wajibu wa Uganda katika mikataba miwili baina ya Uingereza na Misri: ule wa Mei 7, 1929, na ule wa 1949 uliohusu bwawa la Owen Falls, Jinja.

Mkataba wa 1929 ulikataza kujenga, bila idhini ya Misri, kazi za umwagiliaji au za umeme katika Naili, matawi yake na maziwa unakotoka. Baada ya orodha hiyo kuna mkato, kisha kishazi rejeshi kinachotaja kazi ambazo zingepunguza maji yafikayo Misri, kubadili wakati wa kufika kwake au kushusha kina chake, kwa kudhuru maslahi ya Misri.

Kwa Kiswahili tofauti ni dhahiri. "Kazi ambazo zitapunguza maji zinahitaji idhini" huacha huru kazi zisizopunguza. "Kazi, ambazo zitapunguza maji, zinahitaji idhini" huzihesabu zote kuwa zenye madhara. Kwa usomaji wa pili, hata mfereji mdogo wa mpunga katika ardhioevu ya Namatala, ambayo maji yake hupitia Mpologoma hadi Ziwa Kyoga, ungesubiri idhini ya Kairo. Usomaji wa kwanza una nguvu zaidi: kama kila kazi ingehesabiwa yenye madhara, maneno yanayoeleza madhara hayo yasingehitajika.

Mkataba wa 1949 ulizusha shaka nyingine. Uliiruhusu Bodi ya Umeme ya Uganda kuchukua hatua yoyote iliyoona inafaa katika Owen Falls, mradi hatua hiyo isidhuru maslahi ya Misri. Hata hivyo, kati ya neno "mradi" na sharti lenyewe kiliingizwa kirai kisemacho baada ya kushauriana na Misri na kwa ridhaa yake. Je, ridhaa ilihitajika kwa kila hatua, au kwa kuamua tu kwamba hatua fulani haina madhara? Kikisomwa kwa maana ya kwanza, uhuru uliotolewa mwanzoni mwa sentensi unafutwa kabla sentensi haijaisha.

Kwa mshauri anayekagua rasimu, kipimo chepesi ni kuliingiza neno "tu" katika kila nafasi inayowezekana. "Kazi zenye madhara tu zinahitaji idhini" huweka mpaka wa kazi zinazohusika. "Kazi zenye madhara zinahitaji idhini tu" huweka mpaka wa wajibu, na yaweza kufunga mlango wa fidia. Sentensi inayopokea usomaji wote miwili bila kupinga igawanywe: moja itaje kazi zinazohusika, nyingine itaje wajibu.