Kabla ya Nyatiti Kulia, Ukoo Hutajwa Kwanza

Mnamo 1979, kabla sijajiunga na chuo kikuu, nilihudhuria matanga katika boma moja karibu na Ahero, kwenye uwanda wa Kano. Mpiga nyatiti alifika jioni. Akaketi kwenye kigoda kifupi, akafunga njuga mguuni, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ile ya kugongea ukingo wa ala, akakaza nyuzi zake nane. Akawasalimu wenye boma, akajitaja yeye ni nani na ametoka wapi. Kisha akamtaja marehemu kwa jina la babake, na kuongeza kwamba ni okew wa Seme. Mzee mmoja akainua bakora. "La! Mamake ni nyar Sakwa!" Nyatiti ikanyamaza. Jathum, yaani mwanamuziki kwa Kijaluo, akaomba radhi na kurudia salamu tangu mwanzo. Wimbo wenyewe ulikuwa bado.

Siku ile nilidhani mzee ni mchokozi tu. Kumbe alikuwa na haki. Okew ni mtoto wa dada, kwa jinsi anavyoitwa na watu wa upande wa mama. Kiswahili kingesema mpwa. Nyar ni binti, na mke Mjaluo huitwa binti wa kwao hata akizeeka katika boma la mumewe. Kwa kuwa mtu haoi katika ukoo wake, jina la kwao mama hutaja watu wengine kabisa, ambao nao wamekuja kulia. Jathum aliyesema Seme badala ya Sakwa alikuwa amewanyang'anya wajomba mtoto wao mbele ya maiti.

Upande wa baba hutajwa kwa wuod, yaani mwana wa, au kwa kiambishi ka- kinachoonyesha kwa nani. Msomaji anayesafiri kutoka Kisumu kuelekea Ahero huupita utaratibu huu bila kujua. Kobura ni kwa Obura, Kochieng' ni kwa Ochieng'; irabu ya kiambishi imemezwa na ile ya jina. Ramani ya huko, basi, ni orodha ya mababu. Ndiyo maana jathum akitaja mahali anakotoka, huwa amekwisha kutaja ukoo wake.

Baada ya salamu, hadhira nayo hudai zamu. Mtu husimama, hutoa pesa, na muziki husimama au hushuka ili asikike akijisifu: mimi ni wuod fulani, okew wa fulani, rafiki wa fulani. Hiyo ndiyo pakruok. Neno hilo latokana na pako, kusifu, na umbo lake hurudisha tendo kwa mtendaji, kama -ji- ya Kiswahili katika kujisifu. Pwani, mwimbaji wa taarabu hutuzwa huku wimbo ukiendelea. Anayemtuza huweza kucheza hadi jukwaani na kurudi bila kusema neno. Kwa Wajaluo, pesa hununua kimya, na katika kimya hicho aliyetoa hujieleza. Akijipa nasaba isiyo yake, wapo watakaomcheka papo hapo.

Tofauti nyingine ni ya utenzi. Mtunzi wa pwani alianza kwa jina la Mungu, na aghalabu alijitaja mwishoni, penginepo pamoja na nasaba na mji wake, kazi ikiwa imekamilika. Jathum hawezi kungoja mwisho. Mtunzi aliandika kwa wasomaji asiowaona. Huyu ameketi katikati ya watu wanaomjua babake.

Sahani ya santuri ndiyo iliyovuruga mambo. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, na wapiga benga, waliohamishia kwenye gita namna ya kudonoa nyuzi za nyatiti, walizoea kuugawa wimbo mmoja pande mbili. Salamu ndefu haikuwa na nafasi. Majina yakahamia ndani ya wimbo, au yakatamkwa gita likiendelea kulia: rafiki, mfadhili, binti wa mahali fulani. Wengi wa waliotajwa hawakuwapo studioni. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufia Kisumu mwaka wa 2006, alisikika pande zote mbili za mpaka, na waliotajwa katika nyimbo za aina hiyo walijulikana na watu ambao hawangekutana nao kamwe. Hiyo ni faida kubwa, sikatai. Ila santuri haina mzee wa kuinua bakora. Kosa la nasaba likishanaswa hubaki lilivyo, na wajukuu hulinukuu kama ushahidi.

Nimeona hilo likitokea. Majuzi kijana mmoja aliniletea kanda ya babu yake akisifiwa, akitaka nimwandikie ukoo wao kwa kuifuata. Nilimuuliza bibi yake ni nyar wapi. Akasema hajui, kanda haikutaja. Nikamwambia arudi nyumbani akaulize kwanza, wazee wangalipo.