Mchakato si Awamu: Istilahi za PRINCE2 Kwenye Ujenzi wa Darasa Songea

Katika vikao vya ujenzi wa shule Songea, neno linalotumika kuliko yote ni "hatua". Msingi ni hatua, kumpata fundi ni hatua, na kukagua kazi ni hatua. Kwa mazungumzo ya kawaida linatosha. Ukilitumia kufasiri PRINCE2, linaharibu maana.

PRINCE2 ni mbinu ya kusimamia miradi iliyotoka serikalini Uingereza, na ilianza kutumika kwa jina hilo mwaka 1996. Imejengwa juu ya kanuni saba, mihimili saba na michakato saba. Mchakato ni mfululizo wa kazi zenye mwenyewe: nani anaanzisha mradi, nani anauelekeza, nani anaufunga. Awamu ni kitu kingine. Ni kipande cha muda chenye bajeti yake, na mwisho wake kuna mlango ambao haufunguki bila uamuzi. Mchakato mmoja, ule wa kudhibiti awamu, hurudiwa katika kila awamu. Ukiyaita yote mawili "hatua", msomaji hawezi kuona marudio hayo.

Tuchukue darasa moja. Mwaka 2021 Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na shule nyingi zilijenga kwa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa kawaida na kamati za shule. Tuseme darasa kama hilo linajengwa Songea kwa awamu nne: msingi na jamvi, boma hadi lenta, kupaua na kuezeka, kisha umaliziaji. Mvua za huku huanza kuelekea Desemba, kwa hiyo mlango kati ya boma na paa ndio mzito kuliko yote. Boma likifika hapo bila fedha ya mabati mkononi, litanyeshewa hadi Aprili.

Tuseme awamu ya paa ina shilingi 6,000,000, na bodi ya mradi imeruhusu izidi kwa 300,000 tu. Mwalimu mkuu anayesimamia mradi anakuta bati limepanda kutoka 32,000 hadi 38,000, naye anahitaji mabati 60. Ziada ni 360,000. Kwa PRINCE2 hana ruhusa ya kununua kwanza na kueleza baadaye. Mara anapoona atavuka kiwango, anaandika taarifa kwa bodi ya mradi, na bodi inaamua: kuongeza fedha, kubadili bati, au kusimamisha. Ziada ingekuwa 200,000, angeendelea bila kumsumbua mtu. Kanuni hii naiita "kusimamia kwa ukomo". Wanaoiita "usimamizi wa dharura" wanapotosha, kwa sababu hapa hakuna dharura. Kuna mpaka uliokubaliwa mapema.

Sasa tuiweke PRINCE2 kando ya PMBOK, mwongozo wa taasisi ya Kimarekani ya PMI. Toleo lake la sita, la 2017, lilipanga elimu ya miradi katika maeneo kumi ya maarifa: gharama, ratiba, ubora, vihatarishi, manunuzi na mengineyo. Eneo la maarifa halikuambii nani aamue kesho asubuhi. Linakufundisha unachopaswa kujua ili uamue vizuri. Katika kisa chetu, eneo la gharama lingemwonyesha mwalimu jinsi ya kukadiria bei ya bati kabla ya kupanga bajeti, na eneo la manunuzi lingemfundisha kulinganisha wauzaji. PRINCE2 haina mhimili wa manunuzi kabisa. Kwa fosi akaunti, ambako kamati ndiyo inayonunua kila msumari, hilo ni pengo kubwa.

Neno gumu zaidi ni lile ninaloliita "mhimili". Wengi huandika "mada" au "dhamira", lakini mada husomwa ikaisha, na dhamira ni ya wahakiki wa fasihi. Linalokusudiwa hapa ni jambo linaloshikiliwa tangu mwanzo hadi mwisho wa mradi: ubora, mipango, vihatarishi. Waingereza wenyewe hawakuridhika na neno lao. Toleo la saba la PRINCE2, la 2023, lililibadilisha.

Turudi kwenye awamu. Ukitaka kujua kama kamati inazifuata kweli au imezigeuza kuwa tarehe za malipo, fungua faili lake. Ukikuta saini za kupokea fedha bila taarifa ya kufunga awamu iliyopita, milango haipo.

Basi tuandike hivi: kanuni, mhimili, mchakato, awamu, eneo la maarifa. "Hatua" tumwachie fundi anayepanda ngazi.