Zahanati Zinazosubiri Zamu

Mwaka 1986 Gambia ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina B, ili ijulikane kama chanjo ingewakinga na saratani ya ini ukubwani. Haikuwezekana kuianzisha nchi nzima kwa siku moja. Timu za chanjo zilikuwa 17. Kura ikapigwa, zikaingia kwa zamu, na kufikia 1990 zote zilikuwa zinaitoa. Maeneo yaliyokuwa yakisubiri ndiyo yaliyotoa kipimo cha kulinganishia.

Mpango huo umefika hadi kwenye afya ya akili. Wilayani Neno, Malawi, vituo 14 vilipangiwa kwa kura zamu ya kuanza kutibu sonona ndani ya kliniki za magonjwa sugu, kwa ushauri nasaha na, kwa wanaohitaji, dawa.

Kura ina sababu yake. Mganga mkuu akiachiwa achague, ataanza na kituo kilicho karibu na barabara na chenye wauguzi wa kutosha, kisha ubora wa kituo uhesabiwe kuwa ubora wa huduma.

Hata hivyo kura haiondoi nguvu ya msimu. Tuseme kituo kimoja kinaanza Februari, ghala zikiwa tupu, na wagonjwa wake wana wastani wa alama 14 kwenye PHQ-9, dodoso la maswali 9 ambalo alama zake huishia 27. Mei, mahindi yakiwa yamevunwa, wastani ni 10. Lakini kituo jirani, ambacho zamu yake haijafika, nacho kimeshuka kutoka 14 hadi 12. Basi alama 2 ni za msimu, na huduma imeleta 2 tu.

Mwaka 2007 Michael Hussey na James Hughes waliiweka hesabu ya namna hiyo kwenye fomula: kila kituo na kiwango chake, kila kipindi na athari yake, kisha huduma ipewe haki yake. Fomula ikaenea sana. Ila ilichukulia kwamba huduma hufanya kazi kikamilifu tangu siku ya kwanza, na ushauri nasaha hauko hivyo. Mshauri mpya husoma kijitabu mbele ya mgonjwa. Baada ya miezi kadhaa hujua wakati wa kunyamaza na kusikiliza.

Hapo hesabu huteleza. Mwishoni, hakuna kituo kinachosubiri tena. Kituo cha kwanza, ambacho washauri wake wamekomaa, kinashuka alama 2 zaidi. Cha mwisho, ndiyo kwanza kimeanza, kinashuka 1. Fomula huzihesabu zile 2 kuwa za msimu, na kituo kipya kikaonekana kimerudi nyuma kwa alama 1, ilhali vyote viwili vimenufaika.

Mwaka 2022 Avi Kenny na wenzake, Hughes mwenyewe akiwamo, walionyesha kuwa kosa hili linaweza hata kugeuza jibu, huduma yenye faida ikaonekana ina madhara. Walipendekeza athari ihesabiwe kulingana na muda ambao kila kituo kimekaa na huduma. Njia hiyo ina gharama yake: athari ya muda mrefu kabisa hupimwa kwa vituo vya zamu ya kwanza pekee, na wilaya yenye vituo 14 huwa na vichache mno vya zamu hiyo.